Kulwa Alikula Sambusa, Doto Akala Viboko

Kama uliwahi kusoma na mapacha, huu utani unaujua. "Oya, wewe ni wewe au ni mwenzio?" Darasa zima linacheka, mapacha nao wanacheka, maisha yanaendelea. Lakini wapo mapacha wawili wa Kimandolu, hapahapa Chuga, ambao siku ya kwanza ya kidato cha kwanza utani huo uliwakuta vibaya. Mmoja alikula sambusa. Mwingine akachapwa kwa ajili ya sambusa ambayo hata harufu yake hakuisikia.

Majina yao ya shule yaachwe. Yote mawili yanaanza na Eli, kama yalivyo majina ya Wameru wengi, na hilo Eli ndilo litakaloleta balaa mbele ya safari. Nyumbani wanaitwa Kulwa na Doto. Baba yao ni Mmeru, anaendesha kifodi kati ya Tengeru na mjini. Mama ni Msukuma wa Shinyanga, na kwa Wasukuma pacha hutafutiwi jina: anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija. Kwa hiyo hata mdogo wao wa kike alikuwa na jina kabla hajazaliwa.

Kulwa alizaliwa na kilo mbili na nusu, Doto na kilo mbili na kidogo. Wiki za mwanzo mama alimfunga Kulwa uzi mweusi kwenye kifundo cha mguu, maana aliogopa usiku atamnyonyesha mmoja mara mbili na mwingine alale njaa. Walipofika miezi miwili akaukata uzi. Hakuuhitaji tena. Kulwa alikuwa analia kwa kupanda, Doto analia kwa kushuka. Baadaye yakaja mengine: pia ya nywele ya Kulwa utosini inazunguka kulia, ya Doto inazunguka kushoto, kama mtu na kioo chake. Kulwa anaandika kwa mkono wa kulia, Doto kwa kushoto.

Shule ya msingi walisoma miaka saba na watoto walewale wa mtaani. Huko hakuna aliyekuwa anawachanganya, hata kwa mbali. Ukimjua mtu huangalii tena umbo la kichwa, nywele na sare. Unaangalia macho, mdomo, namna anavyocheka, namna anavyogeuka akiitwa. Mgeni hana hayo yote. Mgeni anaona kichwa, masikio na shati, anafunga kesi. Kwa hiyo Kulwa na Doto walikuwa wameishi maisha yao yote kama watu wawili, bila kujua kwamba kwa mtu asiyewajua wao ni mtu mmoja.

Jumapili kabla ya shule mama aliwapeleka kinyozi. Fomu ya kujiunga ilisema nywele zote chini, na kinyozi akapiga mashine mpaka ngozi ikang'aa. Mama akawatazama, akacheka: "Leo mmekuwa mayai ya trei moja."

Jumatatu ya Januari, saa kumi na mbili na nusu, Mlima Meru uko wazi juu ya mabati, baridi ya asubuhi bado ipo. Vijana wanatoka. Mizigo imegawanywa: Kulwa kabeba ndoo na ufagio, na alitakiwa kubeba pia rimu mbili za karatasi, moja yake na moja ya Doto. Doto kabeba fyekeo na ufagio wake. Fyekeo lilikuwa moja. Fomu ilitaka kila mwanafunzi aje na lake, lakini mama alisema la pili litanunuliwa mwisho wa mwezi.

Wakavuka lami ya barabara ya Moshi, wakashika njia ya vumbi. Karibu na geti ndipo Doto akauliza, "Rimu ziko wapi?"

Kulwa akaangalia ndani ya ndoo. Hamna. Zilibaki juu ya kiti sebuleni.

"Ngoja nizifuate," Doto akasema. Alikuwa anakimbia vizuri kuliko Kulwa, na wote wawili walilijua hilo. Akamwachia Kulwa fyekeo na ufagio, akageuka, akapotea kwenye kona ya duka la Mpesa.

Kulwa akaingia getini saa moja na dakika kumi. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama na orodha ya waliochaguliwa, kalamu mkononi. Akauliza jina, akaangalia fyekeo, akaangalia ndoo, akaweka tiki. "Rimu?" "Inakuja, mwalimu." "Haya, pita."

Kulwa hakusema kwamba inaletwa na pacha wake. Hakuulizwa, na siku ya kwanza hakuna anayetaka kuongea sana na mwalimu mwenye fimbo kwapani.

Sasa ukikaa peke yako shule mpya, chalii wa kwanza atakayekusemesha ndiye rafiki yako. Kulwa akapata wa kwake dakika tano tu. Yule chalii alikuwa na kaka kidato cha tatu, kwa hiyo alijua mambo yote, likiwemo tundu kwenye ua wa michongoma nyuma ya madarasa. Nje ya tundu anakaa mama mmoja na beseni la sambusa. Kulwa hakuwa na hela, maana hela yao ya mchana, Sh 500, alikuwa nayo Doto. Chalii akamkopesha Sh 500 yake. Wakatoka.

Wanarudi, Kulwa kashajipenyeza nusu kwenye michongoma, sambusa mdomoni, akagongana macho na mwalimu wa zamu aliyekuwa amezunguka kukagua. Hatua kama ishirini hivi.

"We! Nimekuona! Simama hapo!"

Kulwa hakusimama. Alizunguka nyuma ya vyoo, akajichanganya na wenzake mstarini, akafuta mdomo kwa mkono wa shati. Wanafunzi wapya zaidi ya mia, wote wamenyolewa, wote shati jeupe. Mwalimu hakumpata. Lakini sura alikuwa ameibeba kichwani.

Saa mbili kasoro dakika kumi, sura hiyo ikaingia getini ikihema, jasho linatoka, rimu mbili kifuani.

Jiweke kwenye viatu vya mwalimu kidogo. Kijana umemwandikisha mwenyewe saa moja na dakika kumi. Umemwona kwa macho yako akitokea kwenye ua. Umemkosa. Sasa anaingia getini tena, kama hajawahi kufika.

"Umetoka tena? Mara ya pili?"

"Shikamoo mwalimu. Ndo nafika."

"Ndo unafika! Mimi nimekupitisha hapa kwa mkono wangu."

"Atakuwa ni pacha wangu, mwalimu. Tuko wawili."

Mwalimu akacheka. Huo uongo ameshausikia miaka yote, kwa ladha tofauti. Akauliza jina. Doto akataja jina lake. Mwalimu akashuka na kidole kwenye orodha. Kwenye mstari mmoja kuna Eli fulani, mwenye tiki. Mstari unaofuata kuna Eli mwingine, jina la baba lilelile, la ukoo lilelile, shule ya msingi ileile, tarehe ya kuzaliwa ileile, namba ya mtihani imezidi moja tu.

Kwa mtu asiyejua, hiyo haionekani kama mapacha. Inaonekana kama kosa la mchapaji. Jina limeingia mara mbili, la pili limekosewa herufi. Makosa hayo hutokea kila mwaka kwenye orodha. Mwalimu akafanya kile ambacho mtu anayejiamini hufanya: akachora mstari wa kalamu juu ya jina la pili.

Hapo, bila yeye kujua, Doto alikoma kuwa mwanafunzi.

"Mkono."

Doto ananyoosha nini? Ananyoosha ule uliozoea kutangulia, wa kushoto. Viboko viwili.

Kwa anayetaka kujua, kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 ziko wazi. Mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Visizidi vinne. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu maalum: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, nani kachapa. Mwalimu wa zamu aliandika, kweli. Aliandika jina la Kulwa.

Na Kulwa? Kulwa alikuwa mstarini, kama hatua thelathini kutoka getini. Aliona yote. Alimwona ndugu yake akinyoosha mkono, akasikia cha kwanza, akasikia cha pili. Mafuta ya sambusa yalikuwa bado kwenye vidole vyake. Mdomo ukawa mzito. Akajiambia atasema baadaye. Wote tunajua "baadaye" maana yake nini.

Doto akasukumwa kwenye mstari uliokuwa karibu, wa mkondo A. Kulwa alikuwa mkondo B. Namba zao za mtihani zilipishana moja, na shule iligawa mikondo kwa namba, witiri huku, shufwa kule. Kwa hiyo hakuna darasa lililowaona pamoja. Wangewekwa darasa moja, dakika mbili tu mambo yangekuwa wazi.

Mkondo A, mwalimu wa darasa akaita majina. Doto akasubiri lake. Halikuitwa.

"Nani sijamwita?"

Doto akanyoosha mkono wa kulia, akataja jina. Mwalimu akaangalia karatasi. "Hili limekatwa. Mapumziko nenda ofisini ukaulize." Wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia duka limefungwa.

Likaja zoezi la Kiingereza la kupima wapya. Doto alipewa karatasi, akaandika jina lake juu, kwa herufi za mtoto wa darasa la pili. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba chini ya kidole cha shahada, kalamu haikai. Aliyekuwa akipata alama za juu Kiswahili na Kiingereza tangu darasa la tano akajibu maswali sita kati ya ishirini, kengele ikagonga.

Nje, kabla hajafika ofisini, chalii asiyemjua akamshika bega.

"Mwanangu, ile jero yangu vipi?"

"Jero gani?"

"Acha hizo bana. Ya sambusa. Asubuhi, pale kwenye michongoma. Halafu ticha alivyotokea ukakimbia kama swala!"

Doto alisimama hapo muda mrefu. Mpaka dakika hiyo aliamini amechapwa kwa bahati mbaya, kwamba mwalimu alikosea tu. Sasa akaelewa kwamba kosa lilikuwepo, na mwenye nalo alikuwa mstarini akitazama. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa Sh 500 waliyopewa na mama kwa ajili ya mchana wa wote wawili, akampa yule chalii.

Akamkuta Kulwa chini ya mgrivea, peke yake.

"Nimelipa deni lako," Doto akasema.

Kulwa hakuuliza deni gani.

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini sa? Fimbo ilikuwa imeshaanza."

"Ungesema jina langu tu. Ungesema yule ni Doto. Basi." Kisha akafungua kiganja. "Mimi jina langu limekatwa, Kulwa. Kwenye karatasi niko wewe. Kama hujasema leo, kesho narudi nyumbani."

Hicho ndicho kilichomwinua Kulwa. Viboko ni maumivu ya siku mbili. Lakini kuna mtoto ambaye alifaulu, alishonewa sare, alikimbilia rimu isiyokuwa jukumu lake, na sasa hayupo shuleni kwa sababu nduguye alikaa kimya. Wakaenda pamoja, Kulwa mbele, moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule.

Mkuu alikuwa mama wa makamo. Walipoingia, akainua macho, akayashusha, akayainua tena.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba." Akavua miwani. "Semeni."

Kulwa akasema. Tundu, sambusa, deni, kukimbia, kunyamaza. Alisema kwa mfululizo bila kupumua. Mkuu hakumkatiza. Alipomaliza, akampa kila mmoja karatasi na kalamu: "Andikeni majina yenu kamili."

Kulwa akachukua kalamu kwa kulia. Doto akachukua kwa kushoto, akaiangusha. Akaiokota, akajaribu tena. Mkuu akainuka, akazunguka meza, akakishika kile kiganja, akakigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Alama mbili zilikuwa zimelala sambamba, nyekundu.

Hapo alikuwa ameshajua yupi ni yupi, na yupi amechapwa.

Akaomba mafaili. Vyeti viwili vya kuzaliwa, kila kimoja na namba yake. Picha mbili za pasipoti zinazofanana kama fotokopi. Kila kitu kilikuwa kwenye faili tangu mwezi uliopita, ila faili lilikuwa kabatini na orodha ilikuwa getini. Mwalimu wa zamu akaitwa. Alipoingia na kuwaona wawili wamesimama bega kwa bega, alikaa bila kukaribishwa.

"Una barua yangu ya kukuruhusu kuchapa?" mkuu akauliza.

Hakuwa nayo.

"Na alikwambia kwamba ana pacha?"

"Aliniambia, Madam."

Mkuu hakupandisha sauti. Alisema kitu kimoja ambacho Kulwa na Doto walikirudia nyumbani: "Kule Kakamega mwaka 2019 watu walikuwa wakimfananisha msichana mmoja na mwingine, walipokutana na kupimwa vinasaba wakakuta ni mapacha waliopishana hospitalini. Kosa la macho lilimpa mtu ndugu. Sisi hapa kosa letu la macho lilikuwa limwondoe mtu shule." Akachukua orodha, akaandika jina la Doto upya, kwa wino mwekundu, pembeni ya lile lililokatwa, akasaini. Kwenye kitabu cha adhabu akafuta jina la Kulwa, akaandika la Doto, na kwenye nafasi ya kosa akaandika: "Hakuna."

Mwalimu wa zamu akamgeukia Doto, siyo Kulwa, na safari hii hakukosea. "Nisamehe, kijana. Uliniambia ukweli."

"Nichapwe mimi, Madam," Kulwa akasema. "Ili tulingane."

"Viboko vyake vimeshakwenda, huwezi kuvilipa. Wewe utafyeka kile kiwanja wiki nzima, baada ya vipindi. Na lile tundu la michongoma utaliziba." Kisha akawauliza wote wawili kitu ambacho hakuna mtu mzima aliyewahi kuwauliza: "Nyie wenyewe mnataka tuwatambueje? Wengine huwa wanavalisha mmoja saa, wengine uzi."

Kulwa akaangalia chini. Doto ndiye aliyejibu.

"Mtuulize jina, Madam. Halafu mtuamini."

Jioni ile umeme ulikuwa umekatika Kimandolu nzima. Mama alikuwa jikoni na mwanga wa makaa tu, anageuza ndizi. Wakaingia kimyakimya, na Doto akampokeza mama ndoo ya maji kama anavyofanya kila siku. Mama akaipokea, akatulia. Ndoo ilikuwa imekuja upande usio wake.

"Doto," akasema, hajageuka, giza totoro. "Mkono wako wa kushoto una nini?"

Doto hakujibu. Makaa yakalia.

"Ni mimi, mama," Kulwa akasema.

"Najua ni wewe, Kulwa," mama akasema. "Kaa hapo uniambie umefanya nini."